Mnyambuliko na nyakati za vitenzi katika barua ya mpangaji

Katika sura iliyotangulia tulichambua kauli ya kutendea na kauli ya kutendesha kwa kutumia sentensi fupi zilizotungwa kwa ajili ya darasa. Katika sura hii tunazichunguza kauli hizo zikiwa kazini, ndani ya barua ambayo mwandishi wake alikuwa na haja ya kweli: chumba cha kulala, ufunguo wa kukifungulia, na fedha za kukilipia.

Mwandishi wa barua ni mwanafunzi kutoka Kigali aliyepata nafasi ya kuendelea na masomo ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mjomba wake anayeishi huko alimtafutia chumba Sinza, mtaa ambao hauko mbali na chuo. Kodi ilikuwa shilingi 150,000 za Tanzania kwa mwezi, na mwenye nyumba, mama wa makamo, alitaka kodi ya miezi sita, kama ilivyo desturi ya wenye nyumba wengi wa jiji hilo. Jumla ilikuwa shilingi 900,000. Walikubaliana kwamba kodi ya miezi miwili, yaani shilingi 300,000, itangulie ili chumba kisipewe mtu mwingine. Shilingi 600,000 zilizobaki zingelipwa mwanafunzi atakapofika. Mjomba akapeleka zile za mwanzo. Wiki moja kabla ya safari, mwanafunzi aliandika ujumbe huu kwa simu. Majina tumeyaondoa.

"Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa Kigali niliyekodisha chumba chako cha Sinza. Nitahama Jumapili tarehe 5 Oktoba saa 11. Nimekulipia mwezi wa pili, na mwezi wa nne nitalipa nikipata ufunguo. Kama hautakuwepo, naomba uache ufunguo kwa jirani. Asante sana Mama."

Tunapowapa walimu tarajali barua hii waisahihishe, wengi huipa alama nzuri. Maamkizi yanafaa, kwa kuwa kijana hawezi kumwandikia mama wa umri huo bila shikamoo, hata kama jambo lenyewe ni la fedha. Tahajia haina kasoro. Upatanisho wa kisarufi unaonekana kuwa sahihi, isipokuwa mahali pamoja tutakapopafikia. Ugumu wa barua hii ni kwamba karibu kila sentensi yake ni Kiswahili kinachokubalika, lakini inasema jambo ambalo mwandishi hakulikusudia.

Mama mwenye nyumba alipiga simu siku ile ile. Baada ya kuitikia marahaba, aliuliza mambo mawili: "Mwanangu, umemkodisha nani chumba changu? Na mbona unahama kabla hujaingia?" Maswali hayo mawili ndiyo mlango wa somo letu.

Kukodi na kukodisha, kuhama na kuhamia

Kitenzi kukodi humhusu anayetoa fedha ili atumie mali ya mwingine. Kikiongezewa kiambishi cha kutendesha, kinakuwa kukodisha, na mtenda wake sasa ni mwenye mali, yule anayemfanya mwingine akodi. Uhusiano huo huo upo kati ya kupanga na kupangisha: mpangaji hupanga, mwenye nyumba hupangisha. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeandika "niliyekodisha chumba chako" alimwambia mama kwamba chumba chake kimekwisha kutolewa kwa mtu wa tatu kwa malipo. Si ajabu mama alishtuka, kwani kuna wapangaji ambao hufanya hivyo hasa.

Chanzo cha kosa si kigumu kukiona. Katika Kinyarwanda kitenzi gukodesha husikika kwa pande zote mbili: mwenye nyumba hukitumia, na mpangaji pia hukitumia. Mwanafunzi alikibeba kitenzi hicho kikiwa na umbo linalofanana sana na la Kiswahili, bila kujua kwamba Kiswahili sanifu kimegawa kazi hizo mbili. Mwalimu atakayefundisha Rwanda asitosheke kusema "andika kukodi". Aulize darasa: katika sentensi hii, nani anayo nyumba na nani anayo fedha? Jibu likishapatikana, umbo la kitenzi hujichagua lenyewe.

Kuhama ni jambo jepesi zaidi. Kitenzi hiki kinatazama mahali panapoachwa. Kauli ya kutendea, kuhamia, inatazama mahali panapoendewa. Mtu huhama Kigali na kuhamia Dar es Salaam. "Nitahama Jumapili", bila kutaja mahali, na ikisomwa na mwenye nyumba, ni taarifa ya kuondoka katika chumba. Hapa lugha ya kwanza haiwezi kulaumiwa, kwani Kinyarwanda nacho kina kwimuka na kwimukira. Ni haraka tu ya kidole kwenye simu. Tuongeze kwamba wapangaji wa Dar es Salaam husema zaidi "nitaingia tarehe 5", na mwanafunzi angeweza kuandika hivyo bila kupungukiwa na usanifu.

Kumlipa na kumlipia

Kosa la tatu mama hakuliuliza. Mwanafunzi aliandika "nimekulipia mwezi wa pili". Tukitenganisha viambishi tunapata ni-me-ku-lip-i-a. Kiambishi -ku- kinamwakilisha mama, na kiambishi -i- ni cha kutendea. Katika "nimekulipa", -ku- ni mtu aliyepokea fedha. Katika "nimekulipia", -ku- ni mtu ambaye deni lake limelipwa na mwingine. Sentensi ya mwanafunzi inamaanisha kwamba mama ndiye aliyekuwa anadaiwa kodi, na mwanafunzi akamsaidia.

Njia nzuri ya kulipima jambo hili darasani ni kuigeuza sentensi iwe katika kauli ya kutendwa huku mama akiwa kiima. "Mama amelipwa" maana yake ni kwamba fedha ziko mkononi mwake. "Mama amelipiwa" maana yake ni kwamba fedha zimekwenda kwa mtu mwingine kwa niaba yake. Mwanafunzi akizisikia sentensi hizo mbili kwa pamoja, hahitaji maelezo marefu.

Kauli ya kutendea ilikuwa na kazi halali katika barua hii, lakini mahali pengine kabisa. Aliyetuma fedha ni mjomba, si mwanafunzi. Sentensi ya kweli ilikuwa "mjomba wangu amenilipia kodi", au "nimelipiwa kodi na mjomba wangu". Tofauti hiyo ina uzito wake. Mama alipokea fedha kutoka katika namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mwanamume asiyemjua vizuri. Kisha akapata barua ya msichana anayesema "nimekulipia". Hakuna mahali ambapo barua iliyaunganisha majina hayo mawili. Iwapo ubishi ungetokea baadaye, mwanafunzi asingekuwa na maandishi yanayosema kwamba shilingi 300,000 za mjomba ndizo kodi ya chumba chake.

Kuhusu kitu kinacholipiwa, mtumiaji wa Kiswahili ana uhuru kidogo: hulipa kodi, lakini hulipia chumba. Kodi ni ile fedha yenyewe. Chumba ni kile ambacho fedha imetolewa kwa ajili yake. Hatuoni haja ya kuwabana wanafunzi zaidi ya hapo.

Mwezi wa pili na miezi miwili

"Mwezi wa pili" ni Februari. Inaweza pia kuwa mwezi unaofuata ule wa kwanza wa upangaji. Kwa vyovyote vile ni mwezi mmoja, kwa sababu nomino iko katika umoja na -a unganifu pamoja na namba vinaonyesha nafasi yake katika mfuatano. "Miezi miwili" ni idadi. Vivyo hivyo "mwezi wa nne" ni Aprili, ilhali mwanafunzi alikusudia miezi minne iliyobaki. Mama angeweza kabisa kusoma kwamba mpangaji amelipa Februari na atalipa Aprili, na kwamba Oktoba, Novemba, Desemba, Januari na Machi bado ni deni.

Katika barua za kodi tunashauri idadi isiachwe peke yake. Andika idadi ya miezi, kiasi cha fedha, kisha tarehe ya mwanzo na ya mwisho: "kodi ya miezi sita, kuanzia tarehe 5 Oktoba hadi tarehe 4 Aprili". Anayeingia tarehe 5 anamaliza mwezi wake tarehe 4, si tarehe 5. Siku hiyo moja imewahi kuleta maneno kati ya wapangaji na wenye nyumba.

Nikipata, nikishapata, nitakapopata

Hapa ndipo barua ilipomgharimu mwandishi, nasi tutakaa kidogo.

"Nitalipa nikipata ufunguo" ni sentensi safi. Mama aliielewa hivi: wakati mmoja, mlangoni, mkono mmoja unatoa fedha na mwingine unapokea ufunguo. Mwanafunzi alikuwa na maana nyingine: apokee ufunguo kwanza, aweke mizigo, apumzike, kisha kesho yake aende benki kutoa fedha. Kila mmoja alikuwa na haki ya kuisoma hivyo, kwa kuwa kiambishi -ki- kinaweka sharti bila kusema muda gani utapita kati ya sharti na tokeo lake. Zaidi ya hayo, -ki- huacha shaka kama jambo lenyewe litatokea. Kinaweza kusomwa "endapo nitapata".

Kiswahili kina njia za kuondoa utata huu. Kiambishi -po- cha wakati, katika "nitakapokabidhiwa ufunguo", kinaondoa shaka: ufunguo utakabidhiwa, kinachosemwa ni lini. Umbo la -kisha-, katika "nikishakabidhiwa ufunguo", linaweka mpangilio: tendo la kwanza limekamilika ndipo la pili linaanza. Lakini hata -kisha- haisemi kama ni baada ya dakika moja au wiki moja. Kwa hiyo mwandishi anayehusika na fedha huongeza siku: "Nikishakabidhiwa ufunguo siku ya Jumapili, nitakulipa shilingi 600,000 Jumatatu kabla ya saa sita mchana." Hapo mwenye nyumba anaweza kukubali au kukataa, na kila mmoja anajua anachokikubali. Huenda mama angekataa. Ni afadhali akatae mtu akiwa bado Kigali kuliko amkatalie mlangoni.

Huyu hakumkatalia, lakini walibishana. Mama alimpa ufunguo jioni ile baada ya mjomba kuzungumza naye kwa simu.

Hautakuwepo na hutakuwepo

Kosa pekee la upatanisho katika barua lilikuwa hili. Ukanushi wa nafsi ya pili umoja ni hu-: wewe hutakuwepo. Kiambishi ha-u- ni ukanushi wa ngeli zenye kiambishi u-, na ufunguo ni mojawapo. "Kama hautakuwepo, naomba uache ufunguo" inasema, kisarufi, kwamba ufunguo usipokuwepo, basi uachwe. Tunajua kwamba katika mazungumzo ya kila siku, hata Tanzania kwenyewe, wengi husema "hautakuwepo" kwa maana ya wewe, na mama alielewa bila shida. Mwalimu alisahihishe, ila asilifanye kuwa kosa kubwa kuliko yale ambayo hayakuelewekeka.

Tungependa zaidi kuiona kauli ya kutendea katika sehemu hii: "uniachie ufunguo kwa jirani". "Uache ufunguo" haisemi unaachwa kwa ajili ya nani. Jirani aliyepewa ufunguo bila jina la mpokeaji hawezi kumpa mgeni yeyote anayebisha hodi, na akifanya hivyo amekosea. Katika kauli ya kutendewa mwanafunzi angeweza kuandika "nitaachiwa ufunguo kwa jirani". Akisahau kiambishi -i- akaandika "nitaachwa kwa jirani", atakayeachwa ni yeye.

Saa 11

Tumeiacha saa mwisho kwa sababu haina kosa lolote la sarufi, na ndiyo iliyomweka mwanafunzi nje ya lango kwa saa tatu.

Simu yake ilikuwa na saa za Kigali. Alikadiria kwamba basi, baada ya kulala njiani na kupita mpaka wa Rusumo, litakuwa Dar es Salaam simu ikionyesha 11:00, akaandika "saa 11". Kwa Kiswahili 11:00 ya asubuhi ni saa tano. Yeye mwenyewe anaposema kwa mdomo husema saa tano, kwani Kinyarwanda kinahesabu saa kuanzia mapambazuko kama Kiswahili. Tatizo huja anaponakili tarakimu kutoka kwenye kioo cha simu. Mama alisoma saa kumi na moja, akaona haiwezi kuwa alfajiri, akapanga kuwa nyumbani jioni.

Kuna tofauti nyingine ambayo walimu wa nchi jirani hawana budi kuifundisha. Rwanda na Burundi ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na ndivyo ilivyo kwa mashariki ya Kongo, Goma na Bukavu zikiwemo. Kinshasa iko nyuma kwa saa mbili. Uganda na Kenya zina saa sawa na Tanzania. Hivyo 11:00 ya Kigali ni saa sita mchana kwa Dar es Salaam. Basi lilichelewa kidogo, likaingia kituo cha Magufuli, Mbezi, kama saa saba. Saa nane mchana mwanafunzi alikuwa Sinza na mabegi mawili. Mama alifika saa kumi na moja jioni, kwa wakati aliouelewa, akashangaa kumkuta mgeni amekaa juu ya begi. Wala hakuna aliyekuwa amechelewa.

Kumbuka kwamba mama alipiga simu kuuliza kuhusu kukodisha na kuhama. Hakuuliza kuhusu saa, wala kuhusu "nikipata". Maneno yaliyomshangaza aliyaulizia, nayo yakarekebishwa kwa dakika mbili. Yale yaliyosomeka vizuri yalipita. Hili linapaswa kubadilisha namna tunavyosahihisha kazi za wanafunzi: kando ya kila sentensi ya barua ya aina hii, mwalimu aandike kwa penseli tendo ambalo mpokeaji atalifanya akiisoma. Mama atakuwa nyumbani saa ngapi? Atatarajia shilingi ngapi, na lini? Atamwachia nani ufunguo, na kwa maelekezo gani? Pale penseli inapokwama, sentensi irudiwe, hata kama haina wino mwekundu.

Barua iliyorekebishwa inaweza kuwa hivi:

"Shikamoo Mama. Mimi ndiye mwanafunzi kutoka Kigali niliyepanga chumba chako cha Sinza, kile ambacho mjomba wangu alikuja kukiona. Nitahamia Jumapili, tarehe 5 Oktoba. Natarajia kufika nyumbani kwako kati ya saa saba na saa tisa mchana, kwa saa za Dar es Salaam. Basi likichelewa nitakupigia.

"Mjomba amenilipia kodi ya miezi miwili, shilingi 300,000, kwa simu yake, ujumbe wa muamala ninao. Kodi ya miezi minne iliyobaki, shilingi 600,000, nitakulipa Jumatatu tarehe 6 kabla ya saa sita mchana, nikishakwenda benki. Malipo yote yatakuwa ya miezi sita, kuanzia tarehe 5 Oktoba hadi tarehe 4 Aprili. Naomba unijulishe kama unakubali nikabidhiwe ufunguo Jumapili kabla ya malipo hayo.

"Kama hutakuwepo, naomba uniachie ufunguo kwa jirani na umtajie jina langu. Nitamwonyesha kitambulisho changu. Asante Mama."

Barua hii imerefuka, na mwanafunzi mmoja wetu aliwahi kulalamika kwamba hakuna anayeandika hivyo kwa simu. Huenda. Inaweza kukatwa vipande vitatu vikatumwa kimoja kimoja. Tuangalie pia kwamba sentensi ya kuomba kibali, "unijulishe kama unakubali nikabidhiwe", imetumia dhamira tegemezi mara mbili. Kiambishi tamati -e kinaomba, hakiamuru wala hakiahidi. Kijana akimwandikia mama mwenye nyumba "utanijulisha" badala ya "unijulishe", husikika kama anampangia kazi.

Zoezi

1. Eleza tofauti ya maana kati ya sentensi zifuatazo, ukitaja katika kila moja nani ametoa fedha na nani amezipokea: (a) Mama alimlipa jirani. (b) Mama alimlipia jirani umeme. (c) Mama alilipiwa umeme na jirani.

2. Mwenye nyumba amejibu: "Sawa mwanangu, ukilipa nitakupa ufunguo." Mwanafunzi anaamini kwamba amekubaliwa ombi lake la kukabidhiwa ufunguo Jumapili. Je, ni kweli? Mwandikie jibu la sentensi mbili litakalomwezesha kujua bila kumkosea mama adabu.

3. Mwanafunzi wa Bukavu ana tiketi ya ndege inayoonyesha kwamba atatua Dar es Salaam 19:30, kwa saa za huko. Andika sentensi ya kumweleza mwenye nyumba saa hiyo kwa maneno, kisha ueleze simu ya mwanafunzi itaonyesha saa ngapi ikiwa hajaibadilisha.

4. Andika stakabadhi ambayo mama angempa mpangaji Jumatatu baada ya kupokea shilingi 600,000. Taja miezi inayolipiwa kwa tarehe, na uonyeshe kwamba shilingi 300,000 za awali zilipokelewa kutoka kwa mtu mwingine kwa niaba yake.